Swali la ishirini na saba

Mwaka 2009 nilikuwa darasa la nane, na KCPE ilikuwa imebakisha miezi michache. Siku tuliporudishiwa karatasi za Kiswahili za mtihani wa majaribio, ule tuliouita moki, nilikwenda moja kwa moja kwenye swali la 27. Nilijua nimelikosa. Nilikuwa nimetia penseli kwenye C, nikafuta, nikatia D, na doa la kifutio lilikuwa bado pale kwenye karatasi ya majibu, jeusi kama masizi.

Swali lilitaka usemi wa taarifa wa sentensi hii: “Nitawaletea vitabu vyenu kesho,” mwalimu aliwaambia wanafunzi. Majibu yote manne yalianza kwa “Mwalimu aliwaambia wanafunzi kwamba”, kisha:

A. angewaletea vitabu vyao kesho.
B. angewaletea vitabu vyenu siku iliyofuata.
C. angewaletea vitabu vyao siku iliyofuata.
D. atawaletea vitabu vyao siku iliyofuata.

A na B nilikuwa nimezitupa bila shida. Zilipobaki C na D nilizisoma tangu mwanzo hadi mwisho labda mara sita, na kila nikirudia zilizidi kufanana, mpaka nikachagua iliyolia vizuri masikioni. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akisema “angewaletea”.

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliniita baada ya chakula cha mchana. Aliketi barazani na bakuli lake la githeri halijaisha, akachana kipande cha karatasi kutoka nyuma ya daftari langu, akakitoboa tundu kwa ncha ya kalamu. Kipande akakilaza juu ya jibu C, nikaona “ange” peke yake. Akakisogeza hadi D, nikaona “ata”.

“Sasa niambie, mwanangu, hapa unaulizwa nini?”

Nikasema naulizwa wakati.

“Basi mbona unasoma vitabu na wanafunzi? Hivyo viko kote kuwili, havina kesi.”

Akanieleza taratibu. Anayetoa taarifa anasimama baadaye, maneno yamekwisha kusemwa, na siku iliyofuata pengine imeshapita. “Ata” bado inangoja siku hiyo ifike, kwa hiyo haiwezi kukaa sentensi moja na “iliyofuata”. Ndiyo maana “ta” hugeuka “nge”. Sheria yenyewe nilikuwa nayo daftarini, nimeipigia mstari kwa wino mwekundu. Ila sikuwa nimejua kwamba ndiyo niliyokuwa nikiulizwa, kwa sababu nilikuwa nikiangalia sentensi nzima badala ya silabi mbili.

Halafu akanionyesha jinsi mtunzi wa swali anavyofanya kazi. Huandika kwanza jibu sahihi, akalichukua na kuliharibu mahali pamoja, mara tatu. Angalia: A imeharibiwa kwenye “kesho”, B kwenye “vyenu”, D kwenye “ata”. C ndiyo mama yao. Nikahesabu mwenyewe: “ange” mara tatu, “vyao” mara tatu, “siku iliyofuata” mara tatu, na zote tatu zinakutana C tu. Nilihisi nimepewa ufunguo wa ghala. Githeri yake ikapoa.

Ufunguo huo niliutumia wiki iliyofuata, kwenye jaribio la amba-rejeshi, kwa kiburi kikubwa. Swali lilihusu mgeni aliyefika jana. Sikufikiri, nilihesabu: “ambaye” mara tatu, “aliyefika” mara tatu, nikatia penseli kwenye “Mgeni ambaye aliyefika jana ameondoka.” Pacha wake, “Mgeni ambaye alifika jana ameondoka,” nikampita kwa sababu “alifika” ilionekana mara moja tu.

Kumbe safari hii mtunzi alikuwa amelirudia kosa lile lile katika majibu matatu. “Ambaye” na “-ye-” ya “aliyefika” zinafanya kazi moja. Ukishaweka moja, nyingine haina nafasi. Kura tatu zilikuwa za wakosaji watatu. Laiti ningelilaza lile tundu la karatasi juu ya pacha hao wawili, ningeiona “-ye-” imebaki peke yake na kujua naulizwa urejeshi. Kuhesabu kulinifaa tu pale ambapo kila kosa lilikuwa la aina yake, na hilo hulijui kabla hujatazama tofauti yenyewe.

Nilimpelekea mwalimu karatasi nikiwa nimekunja uso. Aliisoma, akacheka mpaka akakohoa.

“Ulihesabu?”

“Nilihesabu, mwalimu.”

“Na kale kakaratasi kako wapi?”

Nilikuwa nimekatumia kufungia njugu.