Lini? Nilivyojifunza kukadiria wakati kwa karata za taroti

Swali lililonisumbua kuliko yote tangu nianze kusoma taroti ni hili fupi: lini? Maana ya karata niliweza kuieleza, lakini mtu akitaka tarehe nilibabaika, kwa sababu kila msomaji niliyemsikiliza alikuwa na hesabu yake.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Karata za taroti ni 78: kubwa 22, na ndogo 56 zilizogawanywa katika jamii nne, ambazo ni panga, fimbo, vikombe na sarafu. Sisi tuliokua tukicheza karata barazani tunazijua jamii hizo kwa majina mengine, kwani shupaza, pau, kopa na uru ni maneno ya Kireno yenye maana ya panga, magongo, vikombe na dhahabu. Jamii hutoa kipimo cha muda na namba hutoa hesabu. Kwangu shupaza ni siku, pau ni wiki, kopa ni miezi na uru ni miaka. Hivyo tatu ya kopa ni miezi mitatu. Wapo wanaoanza na pau kwa siku, na wapo wanaozipa jamii majira ya Ulaya, machipuo hadi baridi kali. Hayo ya majira niliyaacha mapema, kwa kuwa mwaka wetu wa pwani huenda kwa kaskazi, masika, kusi na vuli, na kulazimisha machipuo mahali yasipokuwapo kulinipa majibu yasiyoeleweka.

Kosa langu kubwa lilijitokeza tarehe 3 Februari 2025. Jirani yangu mwalimu, aliyekuwa akingoja uhamisho, aliniuliza, "Dada, hii barua itakuja lini?" Nikampangia karata kumi kwa mpangilio wa Msalaba wa Kiselti. Katika nafasi ya pili, ile ya kizuizi, ilikaa nne ya shupaza, ambayo katika seti iliyochorwa na Pamela Colman Smith mwaka 1909 inaonyesha shujaa amelala juu ya kaburi, mikono imekutana kifuani kama anayeomba, panga tatu zikining'inia juu yake na moja chini. Nafasi ya sita, inayohusu mambo ya karibu, ilipata tano ya pau. Nikahesabu wiki tano, nikamwambia atazame tarehe 10 Machi.

Barua ilifika tarehe 24 Machi, wiki mbili baadaye. Nilishikwa na hamu ya kusema kwamba yule shujaa aliyelala ndiye aliyeichelewesha, na jirani angekubali kwa moyo mweupe. Lakini kama ingefika tarehe 10 nisingemtaja kabisa. Tena kuna mfumo wa wanachama wa Golden Dawn, chama kilichoanzishwa London mwaka 1888, unaozipa karata ndogo za mbili hadi kumi takriban siku kumi kila moja katika mzunguko wa nyota. Humo tano ya pau huangukia mwanzo wa Simba, mwishoni mwa Julai. Ningekuwa na mifumo yote miwili mkononi, basi Machi ingekuwa sahihi, na Julai pia ingekuwa sahihi. Nikaandika daftarini: imekosea.

Tangu hapo huandika kipimo kabla ya kuchanganya karata, na hukifananisha na jambo lenyewe. Barua inayotarajiwa ndani ya nusu mwaka haiwezi kupewa miaka, kwa hiyo katika swali la namna hiyo uru huwa na maana ya "si ndani ya muda huu". Pia huandika ukingo wa kosa, nusu ya kipimo kila upande: wiki tano za jirani yangu zilikuwa kati ya tarehe 7 na 13 Machi, wiki moja kati ya 26, na anayebahatisha tu angeipata mara moja katika mara 26. Bila ukingo huo sijui nilinganishe nini.

Lililobaki ni karata zisizo na namba ya kuhesabu. Kati ya 78, ree hadi kumi za jamii zote ni 40 tu. Zilizobaki ni karata kubwa na wazungu wa kila jamii, yaani mfalme, malkia na wenzao, na hizo huzungumzia hali na watu. Zamani zikiangukia nafasi ya sita nilivuta nyingine mpaka nipate tarehe inayonipendeza. Sasa nina seti ya pili niliyoipunguza ikabaki na hizo 40. Nikimaliza kupanga zile kumi kwa ajili ya maana, huchanganya hizi peke yake, huvuta moja tu, na huiweka chini ya nafasi ya sita. Nafasi ya kumi, ya matokeo, siihesabii muda tena, kwa sababu inaeleza jambo litaishiaje, na tarehe mbili katika usomaji mmoja humwacha mtu ameshika ile anayoipenda.

Mwezi uliopita jirani alirudi kuuliza kuhusu nyumba ya kupanga huko alikohamia, na muda tuliokubaliana ulikuwa miezi mitatu. Karata ya wakati ilikuwa saba ya uru. Nilimwambia kwamba ndani ya miezi hiyo siioni, nikaandika tarehe ya mwisho mbele yake, naye akaipiga picha kwa simu yake.