Kofia ya shemeji mwenye kichwa cha sentimita 58, na ile namba 6 niliyokaririshwa

Kama umejifunza kroshia kwa kuangalia mikono ya mtu mwingine, najua umeambiwa maneno haya: anza na vitanzi 6, kila mzunguko ongeza 6, ukifika ukubwa wa sahani ya chai acha kuongeza, shuka chini. Mimi niliambiwa hivyo na mama aliyenifundisha, na nilipouliza ni sahani ipi hasa, kwa sababu kwetu zipo za kila saizi, nikajibiwa, "Mwanangu, ukifuma nyingi jicho litazoea." Jicho limezoea mengine. Kofia kubwa ziliendelea kunipiga chenga.

Shemeji yangu anaendesha bodaboda Njombe. Mwezi wa saba asubuhi kule, baridi inaingia mpaka kwenye meno, akaniomba kofia ya kuvaa chini ya helmeti. Vipimo tukapeana kwa simu. Tepu ya fundi hana, basi nikamwambia, "Shem, chukua waya wa chaji, uzungushe juu kidogo ya nyusi, upite juu ya masikio mpaka kisogoni, ubane na kidole pale unapokutana." Akaulaza kwenye rula ya shule ya mtoto wake: rula mbili kasoro sentimita mbili. Kichwa 58 hicho, hakina utani.

Nikafuata mafundisho, uzi wa akriliki wa unene wa kati, sindano namba 5, na fumo ninalolipenda, lile la kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano, kuvuta, kisha kutoa vitanzi vyote vitatu kwa mpigo mmoja. Nikaanza na 6. Mizunguko ya kwanza ukiikandamiza inakubali kulala, unajidanganya. Kufika wa tano katikati pameanza kunyanyuka. Mimi naendelea, nikijiambia ikishaoshwa itatulia. Mzunguko wa kumi na mbili nina vitanzi 72, idadi nzuri kabisa ya kichwa, lakini nimeshika mkononi faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Nikampigia picha. Jibu lake: "Shem, hiyo ni ya kichwa changu au ya tanki?"

Jirani mmoja akasema dawa ni kuanza na 12. Nilifumua, nikaanza na 12. Huko ndiko kuna vituko: mzunguko wa sita tu 72 zimeshatimia, duara lenyewe halijafika hata kiganja, pembeni limejikunja mawimbi mawimbi, ukilivuta huku linaruka kule. Nao wale wa 12 hawakosei kwa fumo refu, lile la kuzungusha mara moja na kutoa mara mbili mbili. Wa 6 wana haki kwa fumo fupi lisilozungushwa kabisa. Shida ni kumpa kila mtu namba yako bila kumuuliza anafuma nini.

Basi nikakaa na daftari. Nilifuma kiduara cha majaribio, kikubwa cha kutosha kuweka rula juu yake, nikahesabu. Kwa mkono wangu, sentimita 10 za upana zinabeba vitanzi 14, na sentimita 10 za urefu zinabeba mizunguko 11. Kipimie kwenye duara, usikipimie kwenye kipande cha kwenda na kurudi, maana ukigeuza kazi mkono hubadilika na hesabu yote inakwenda upande.

Sasa fikiria duara. Kila mzunguko ukiongezeka, umbali kutoka katikati hadi ukingoni unakua kwa kimo cha mzunguko mmoja, na ukingo mzima unakua mara 6.28 ya kimo hicho. Kimo changu ni 10 gawa kwa 11, yaani sentimita 0.91 hivi. Zidisha kwa 6.28 unapata sentimita 5.7 ambazo ukingo unazidai kila mzunguko. Kitanzi changu kimoja kina upana wa 10 gawa kwa 14, kama 0.71. Vitanzi vingapi vinajaza 5.7? Vinane. Kwa mkato ni hivi:

6.28 × 14 ÷ 11 = 7.99

Nilicheka peke yangu jikoni. Si 6, si 12, ni 8! Nikaanza na 8, nikaongeza 8 kila mzunguko, na kitu kikalala mezani chenyewe. Tahadhari tu, usiweke nyongeza juu ya nyongeza kila mara, utapata pembe nane zinazoonekana hata gizani. Mzunguko mmoja anza na nyongeza, unaofuata ianzie katikati ya kipande.

Idadi ya ubavuni inatoka kichwani kwa mtu, haitoki kwenye sahani. Kofia isilingane na kichwa, ipungue kidogo ili ishike. Kwa akriliki mimi hupunguza sentimita 3, hivyo 58 ikawa 55. Zidisha 55 kwa 14, gawa kwa 10, ni vitanzi 77. Na utosi? 55 gawa kwa 3.14 ni sentimita 17.5 kutoka ukingo hadi ukingo. Hiyo ndiyo sahani yangu.

Hapa wengi wanakwama, kwa sababu 77 haigawanyiki kwa 8. Mizunguko tisa inakupa 72, kumi inakupa 80. Nimesikia watu wakisema chagua mojawapo, au badilisha sindano. Sikufanya hivyo. Baada ya mzunguko wa tisa nilifuma wa kumi nikiongeza vitanzi vitano tu, kila baada ya kumi na nne hivi, na 77 ikatimia. Hakuna sheria inayosema mzunguko wa mwisho wa utosi uongeze kama wenzake, na kuongeza pungufu kidogo kunasaidia ukingo kuanza kuinama kwenda chini bila kuacha kona.

Urefu nilitaka sentimita 22 kutoka katikati ya utosi hadi ukingo, afunike masikio. Utosi wa mizunguko kumi umeshakula 9. Zimebaki 13, na kwa kimo changu ni mizunguko 14, vitanzi 77 vile vile, bila kuongeza wala kupunguza. Uzi ulikwenda bonge moja na kipande, kama elfu tano na kitu, sikumbuki vizuri kwa sababu nilinunua na wa kitambaa cha meza.

Kofia ikapanda basi, shemeji akapiga simu: imeingia, imeshika, helmeti inakaa juu yake. Siku ya pili akapiga tena, bosi wake kijiweni anataka na mwanawe anataka. Mtoto amepima 50. Toa 3 inabaki 47, mara 14 gawa kwa 10 ni 66 kasoro kidogo. Mizunguko minane ni 64, wa tisa ongeza viwili tu pande mbili zinazotazamana. Nilimaliza wakati maharage yanachemka.

Ya bosi ameitaka ya pamba. Hapo nimeshafuma kiduara kingine, kwa sababu pamba mkononi mwangu inatoa 15 kwa 12, na haivutiki kama akriliki, nimepunguza sentimita moja na nusu badala ya tatu. Nyongeza imebaki 8 ile ile.