Kubisha hodi kwenye simtanki

Juzi mwanangu kaniuliza, baba kwanini kila ukipita kwenye simtanki unabisha hodi. Nikamwambia nasikiliza maji yameishia wapi, ukigonga juu panalia ngoma, ukishuka ukifika penye maji sauti inakufa. Akagonga na yeye, kaanza chini kabisa, akasema "hamna mtu". Nikacheka lakini nilikaa pale kibarazani kama nusu saa nafikiria ule msingi wa Chamwino.

Ilikuwa Novemba 2014, nimemaliza chuo, ajira hamna, nikawa najitolea kwenye kikundi chetu kile. Mradi ulikuwa wa zahanati moja ya kijiji huko Chamwino, Dodoma. Kile kisima cha pale karibu maji yake ya chumvi, hata chai inakataa, kwahiyo mama akienda kujifungua lazima shangazi au mama mkwe abebe ndoo mbili kutoka korongoni, wanachimba mchanga mpaka maji yachuruzike ndo wanachota na kata. Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti wetu alisimama akasema mbele ya watu wote: nyinyi leteni mawe, mchanga na nguvu, sisi tunaleta gata na simtanki la lita elfu tano, mvua ya Desemba isiwapite. Watu wakapiga makofi. Mimi ndo nilikuwa naandika muhtasari, kwahiyo hilo neno "tunaleta" lipo kwa mwandiko wangu.

Watu wa kule wakikubali jambo wamekubali. Ndani ya wiki mbili mawe yamesombwa, fundi akamwaga msingi wa duara, upana mita mbili na kitu, umenyanyuliwa kama sentimita 60 ili ndoo iingie chini ya koki. Na zege mnajua, usipolimwagilia linapasuka, kwa jua la Dodoma ndo kabisa. Kwahiyo kila asubuhi na jioni, siku saba, kina mama walikuwa wanakuja na ndoo kichwani kutoka kule korongoni, wanalimwagia zege maji. Maji yale yale ya kuchuruzisha. Kuna bibi mmoja alikuwa ananisalimia mbukwenyi halafu anamwaga taratibu kwa kikombe, hataki hata tone lidondoke pembeni, kama anamuogesha mtoto.

Siku ya nne ndo fundi akaniita. "Dogo, hilo tenki lina urefu gani? Nataka kukata bomba la kushukia." Nikamwambia si lita elfu tano, ni kubwa tu. Akanitazama. Akasema kubwa ndo shida yenyewe, kutoka chini mpaka kwenye gata ni mita mbili na sabini, toa msingi sentimita sitini, inabaki mita mbili na kumi, sasa mdomo wa tenki ukipita gata hapa maji hayatapanda mlima, niambie urefu kamili nijue kama tunanunua fupi nene au tunabomoa msingi.

Nikakaa kwenye benchi la wajawazito nikafungua laptop. BAJETI_FINAL_3.xlsx. Nikapitia: gata mita thelathini, vishikio, bomba la inchi nne, koki, gundi, ufundi, usafiri, semina ya kamati, semina nyingine tena, posho, vipeperushi. Nikapiga Ctrl+F nikaandika tenki, hamna kitu. Nikaandika simtanki, hamna. Nikajua nimekosea herufi, nikaandika lita, hamna. Bibi bado anamwaga kikombe chake hapo mbele yangu, fundi kasimama na futikamba mkononi anasubiri namba moja tu.

Ndo nikaona kule chini kuna shiti ya pili, sikuwahi kuifungua, imeandikwa "Mchango wa jamii". Mchanga, kokoto, mawe, nguvu kazi, jumla laki nne. Na mstari wa mwisho: tenki lita 5,000, shilingi 950,000.

Yaani kwenye karatasi, tenki wamelitoa wanakijiji.

Hesabu yake niliielewa baadae usiku. Mfadhili alikuwa haendi juu ya milioni kumi, na bajeti yetu bila tenki ilikuwa milioni tisa laki nane na sabini elfu. Ukiliweka tenki umevuka. Halafu mfadhili huyohuyo alitaka jamii ichangie walau asilimia kumi, na mawe na jasho vyote vimefika laki nne tu. Kwahiyo mtu kachukua mstari mmoja kauhamisha shiti, magonjwa mawili yakapona. Jumla ikashuka, mchango ukapanda. Hakuna hela iliyoibiwa hapo, ndo kinachoniuma mpaka leo, nilitafuta mwizi sikumpata.

Kwa fundi nikasema nitampigia. Kwa bibi sikusema kitu.

Dodoma mjini dada mhazini wala hakushtuka. "Andiko halijadanganya mdogo wangu, tenki limo, soma vizuri." Nikamwambia dada limo kwenye mchango wao, na wao hawajui. Akasema hilo lilikuwa la kutafuta mbele ya safari, tungepata mdau. Mwenyekiti yeye alinisifia kwa umakini, ile sifa ya kukuambia sasa kaa kimya.

Ruhusa iliyokuwepo ni kuhamisha asilimia kumi ya fungu bila kuomba. Fungu nono lilikuwa la semina, milioni nne na laki mbili, asilimia kumi yake laki nne na ishirini. Zaidi ya hapo ni kuandika barua, na kuandika barua maana yake kueleza tenki lilifikaje kule lilikofika, kwahiyo barua haikuandikwa. Laki nne na ishirini ikanunua la lita elfu mbili, na usafiri wake.

Likafika wiki ya pili ya Desemba juu ya kirikuu, likawekwa katikati ya ule msingi kama kikombe kwenye sinia. Urefu haukuwa tatizo tena, fundi alikata bomba bila hata kunitazama. Mvua ya kwanza nilikuwepo. Lile bati ni kama mita za mraba 120, mvua ya milimita ishirini tu, hata ukitoa inayopotea, ni karibu lita elfu moja na mia tisa, kwahiyo mvua moja nzuri likajaa, na ya pili yake ikawa inatokea kwenye bomba la juu, inamwagika chini, inakimbilia korongoni kulekule. Watu wamesimama barazani wanaangalia. Bibi akaniuliza, mwanangu, mbona dogo? Nikamjibu hili la kuanzia bibi, kubwa linakuja.

Nilisema hivyo. Sijui kwanini, au najua. Nilikuwa na miaka 24 na nilitaka barua ya utambulisho, na mwenyekiti ndo alikuwa wa kuisaini. Aliisaini, nzuri tu, imeandika mwaminifu.

Mwaka juzi fundi alinitumia picha kwenye wasapu. Lita elfu mbili bado lipo, limepauka, na ile sehemu ya zege iliyobaki wazi kuzunguka wameanika nepi. Kaandika chini yake: msingi haujapasuka hata ufa.