Saa ishirini na nne zilizopotea

Aliingia ofisini mwanzoni mwa Februari, unga wa ngano ukiwa bado kwenye nyusi zake. Mimi nilikuwa karani wa mishahara katika kiwanda cha kusaga nafaka, Dar es Salaam.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Januari yote nimepiga ovataimu, mmenilipa saa mbili. Mbili kweli?"

Akatoa kijidaftari chake. Nikachukua kadi yake ya mahudhurio, nikajumlisha kwa mkono siku baada ya siku, nikapata saa 26, sawasawa na kijidaftari. Excel ilionyesha 2:00. Fomula niliikagua, haikuwa na kosa.

Nikarudi nyuma hadi Oktoba, mwezi tulioanza kutumia Excel. Oktoba alifanya saa 30, akalipwa 6. Novemba 27 na nusu, akalipwa 3 na nusu. Desemba 20, akalipwa zote. Kila palipopungua, zilipungua saa 24 kamili. Hapo mikono ikaanza kunitetemeka, maana nilijua kosa si la mtu mmoja.

Excel huhesabu muda kama sehemu ya siku. Seli ikiwa na mtindo wa `h:mm`, jumla ikivuka siku nzima huonyesha masalio tu. Saa zote zilikuwemo, ila hazikuonekana, nami nilikuwa nikisoma kilichoonekana na kukinakili kwenye orodha ya malipo. Nikabadili mtindo kuwa `[h]:mm`. Papo hapo ikasoma 26:00. Ndiyo maana malalamiko yalikuwa machache: aliyefanya chini ya saa 24 hakupunjwa. Tuliwapunja waliojituma kuliko wote, na hilo bado linaniuma.

Kwenye kukokotoa malimbikizo nilikaribia kukosea tena, kwa kuzidisha saa zote 72 kwa kiwango kimoja. Mshahara wake ulikuwa umepanda Januari kutoka shilingi 351,000 hadi 390,000, na saa ya Oktoba hulipwa kwa mshahara wa Oktoba. Sheria ya kazi ya 2004 inagawa mshahara wa mwezi kwa wiki 4.333, kisha kwa saa 45 za wiki. Sisi tuligawa kwa 195 moja kwa moja. Saa moja ikawa 1,800 kabla ya Januari na 2,000 baadaye, na ovataimu ni mara moja na nusu: 2,700 na 3,000. Kwa hiyo Oktoba 64,800, Novemba 64,800, Januari 72,000. Jumla 201,600, kabla ya makato.

Mhasibu aliidhinisha, ikaandikwa mstari wake peke yake kwenye karatasi ya mshahara, kila mwezi ukitajwa. Nilikagua kadi zote za miezi minne, nikapata wengine tisa. Mmoja alikuwa ameacha kazi Desemba. Namba yake ya simu niliipata kwa mzee yuleyule wa kijidaftari, nikampigia jioni hiyohiyo aje achukue haki yake.