Kiitaliano cha Malindi na "disse" za Pinocchio: nilivyopambana na passato remoto

Kiitaliano changu nimekiokota Malindi, mezani kwa watu, nikibeba sahani. Sijakaa darasani hata siku moja, na kwa muda mrefu nilijiona bingwa. Wateja wangu wengi walikuwa watu wa kaskazini mwa Italia, na wao wakisimulia jana walifanya nini, wanasema "ho mangiato", "sono andato", "abbiamo visto": nimekula, nimekwenda, tumeona. Kitenzi kisaidizi mbele, kitenzi chenyewe nyuma. Hiyo ndiyo wanaiita passato prossimo, wakati uliopita wa karibu, na mtu akiishika hiyo anaweza kupiga soga ufukweni mpaka jua litue.

Kisha dada yangu akaniambia, "Wewe si unajua Kitaliano? Wasomee hawa watoto basi Pinocchio, kile kitabu cha kikaragosi wa mbao, kwa Kiswahili." Nikakubali kwa kiburi. Kitabu nilikipata kwa mama mmoja mzee aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Nikakifungua: "disse", "prese", "fu", "ebbe", "rimase". Hakuna hata kimoja nilichowahi kukisikia mezani. Mabingwa huwa wanaanguka hivi.

Vitenzi vile viko katika passato remoto, wakati uliopita wa mbali, na ndio wakati ambao Waitaliano hutumia kusimulia hadithi kitabuni. Kuvijua si kazi kubwa kama watu wanavyotisha. Hadithi ikisimuliwa, karibu kila kitenzi ni cha "yeye" au "wao", basi mimi niliacha majedwali yote na kushika nafsi hizo mbili tu: "disse, dissero" ni kutoka "dire", kusema, "prese, presero" kutoka "prendere", kuchukua, "fu, furono" ndiyo "essere", kuwa. Nikavibandika ukutani juu ya sinki. Mpaka vyombo vinakauka, umeshavimeza.

Kazi ilikuwa kuvileta kwa Kiswahili. Hapa nikapewa ushauri mbovu kuliko wote, na aliyenipa ni mtu aliyesoma lugha hiyo darasani, mwenye cheti. Akaniambia, "Rahisi, ndugu yangu. Ukiona remoto, weka -li-, kwa sababu ni zamani. Ukiona prossimo, weka -me-, kwa sababu ni karibuni." Inavyosikika ni safi kabisa. Nikaifuata neno kwa neno katika ukurasa wa kwanza, pale seremala mzee, fundi Ciliegia, anapopata lile gogo la ajabu. Ikatoka hivi:

"Fundi Ciliegia alifurahi sana. Alisugua viganja. Alinong'ona. Alichukua shoka. Aliinua mkono. Alisikia sauti nyembamba. Alishangaa."

Niliwasomea watoto jioni ile. Mdogo akalala kwenye "alichukua shoka". Mkubwa akavumilia hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mjomba, kwani huyu fundi alifanya kosa gani?" Nikaangalia tena karatasi yangu, na kweli, yalikuwa maelezo ya mshukiwa kituoni. Kila tendo limesimama peke yake na tarehe yake, kama halijui kwamba kuna jingine limetangulia.

Na hapo ndipo cheti cha yule bwana kilipopwaya. Aliamini jina. "Remoto" si lazima iwe mbali kwa saa wala miaka. Mteja wangu mmoja wa Palermo alikuwa akisema "mangiai", nilikula, kwa mkate aliokula asubuhi ileile, maana Sisilia wanaitumia hata kwa jambo la leo, wakati watu wa kaskazini karibu wameiacha kabisa mdomoni na kuibakiza vitabuni. Kinachoifanya kuwa remoto ni kwamba tendo limefungwa. Limeanza, limekwisha, halidaiwi na sasa hivi. Likishafungwa, linalipisha jingine. Passato prossimo hushika nguo ya sasa: jambo limetokea na mimi bado niko ndani yake.

Kiswahili kina kitu cha kulipisha tendo jingine, na kila bibi anakijua. Ni -ka-. Ndiyo maana hadithi zetu zinafunguliwa kwa "Paukwa! Pakawa!" Nikaitupa ile kanuni ya cheti na kubuni kipimo changu, ambacho nakisifu bila haya. Kabla ya kila kitenzi cha Kiitaliano ninauliza kwa sauti, "Ikawaje?" Kitenzi kikijibu swali hilo, kinapata -ka-. Kikijibu "Hali ilikuwaje?", hicho ni ile imperfetto yao, "era", "aveva", "chiamavano", nami nakipa "alikuwa na", "walikuwa wakimwita". Dada yangu alidhani naongea peke yangu jikoni. Nilikuwa naongea peke yangu jikoni.

Ukurasa uleule sasa:

"Fundi Ciliegia alipoliona tu lile gogo, akafurahi mno, akasugua viganja na kunong'ona: 'Gogo hili limefika wakati wake hasa, nitalifanyia mguu wa meza.' Hapo hapo akachukua shoka lililonolewa ili alibambue maganda. Lakini alipotaka kushusha pigo la kwanza, akabaki mkono umening'inia hewani, maana alisikia kisauti chembamba kikimsihi: 'Usinipige kwa nguvu hivyo!'"

Mdogo hakulala. Akaketi.

Angalieni mambo mawili niliyoyafanya humo. Sikukipa kila kitenzi -ka-, kwa sababu aka-aka-aka ya mfululizo inachosha sikio upesi. "Akasugua viganja na kunong'ona" ni njia ya kupumua: kitenzi cha pili kinavaa ku- na kubebwa na cha kwanza. Na "alisikia" nimeirudisha kwenye -li- kwa makusudi, ingawa kwa Kiitaliano ni "sentì", remoto kama nyingine. Iko nyuma ya "maana". Inaeleza sababu ya mkono kubaki juu, haisogezi hadithi mbele. Ungeandika "maana akasikia", msomaji angedhani mkono ulibaki juu kwanza, sauti ikaja baadaye.

Lakini utamu wa ukurasa huo, nilioukosa kabisa mara ya kwanza, uko katika kitenzi kimoja kinachotokea mara mbili. Msimulizi anasema gogo "capitò" katika karakana ya seremala. Mistari michache mbele, seremala mwenyewe analitazama na kusema gogo "è capitato a tempo". Kitenzi ni kilekile, "capitare". Kwa msimulizi tukio limefungwa: likafika. Kwa seremala gogo liko mbele ya pua yake na anataka kulitumia sasa: limefika. Mwitaliano akisoma hapo anasikia sauti ikibadilika kutoka ya kitabu kwenda ya mtu anayeongea, hata bila alama za usemi. Kwetu -ka- na -me- zinafanya kazi hiyo vizuri sana, ila kuna hasara moja ambayo sikuipatia dawa. Kwa mtu wa Milano, "capitò" ina harufu ya kitabu. Yeye hasemi hivyo nyumbani. "Likafika" yetu haina harufu hiyo hata kidogo. Muuza samaki anaisema. Kwa hiyo Pinocchio wa Kiswahili anasimuliwa na jirani, wakati wa Kiitaliano, kwa watu wa kaskazini angalau, anasimuliwa na kitabu. Nilijaribu kurudisha ule ukitabu kwa maneno ya kishairi, nikaufuta upesi. Watoto walidhani nimepata mafua.

Na hata hiyo hasara nadhani mwandishi asingeililia. Collodi alikuwa mtu wa Firenze, mji wa Toskana, aliyezaliwa 1826, na kitabu chake kilitoka kamili mwaka 1883. Watoskana mpaka leo wanazitumia nyakati zote mbili mdomoni. Ushahidi uko sura ya 7. Geppetto, mzee aliyemchonga Pinocchio, anarudi nyumbani alfajiri na kukuta kikaragosi hana miguu, imeungua. Pinocchio anaanza kwa prossimo: "è stata una nottata d'inferno", usiku wa jehanamu, na bado unamuuma. Kisha anaingia katika kisa chenyewe, ugomvi wake na Nyenje, mdudu anayesema, na mdomo wake wa mbao unamwaga remoto: "mi disse", "gli dissi", "gli tirai", "morì". Hayo yote ni ya jana usiku! Yule bwana wa cheti angeyaitaje "ya zamani"?

Sehemu hiyo ilijitafsiri yenyewe karibu yote. Mtoto anayejitetea kwa Kiswahili huongea hivyohivyo, bila nukta: "Kulikuwa na radi na umeme, nami nilikuwa na njaa kali, basi Nyenje akaniambia, 'Umestahili, ulikuwa mbaya,' nami nikamwambia, 'Angalia wewe Nyenje!' naye akaniambia, 'Wewe ni kikaragosi na kichwa chako cha mbao,' nami nikamtupia mpini wa nyundo, akafa." Dada yangu alicheka mpaka akafuta machozi, kwa kuwa mwanawe alikuwa amemweleza habari ya glasi iliyovunjika kwa mpangilio huohuo.

Kisha likaja neno lililonigharimu jioni nzima na chai isiyohesabika: "ma la colpa fu sua". "Fu" ni remoto, kipimo changu kinataka -ka-, na nilishakipenda kipimo changu. "Lakini kosa likawa lake." Isome tena. Maana yake kosa lilikuwa la mwingine, kisha likamhamia Nyenje! Hiyo ni hukumu ya mahakama, na Pinocchio hasemi hivyo. Anachosema ni kwamba tangu mwanzo mkosaji ni Nyenje: "lakini kosa lilikuwa lake." Kumbe "kuwa" ikivaa -ka- inageuka kuwa "kugeuka". Tangu hapo kila nikikutana na "fu" ninasimama na kuangalia kama kuna kitu kilichobadilika. "Fu preso dalla paura" ni akashikwa na hofu, sawa, hofu imeingia. Kama hakuna kilichobadilika, -li-, hata kama "fu" imeandikwa kwa herufi kubwa.

Mwenye kutaka kujaribu ajue pia kwamba -ka- haina ukanusho wake wa kusimulia. "Non rispose" inatoka "hakujibu", na mara nyingi "hakujibu" inakata mnyororo katikati, hasa kama kitenzi kinachofuata kinategemea kimya hicho. Mimi nageuza tendo lenyewe badala ya kulikanusha: "akanyamaza". "Non si mosse" ikawa "akatulia tuli". "Non volle" ilinisumbua zaidi, kwa sababu "volle" ya remoto si kutaka tu moyoni. Aliyetaka alishika uamuzi, na asiyetaka aligoma. Nikaandika "akakataa", na watoto wakadai tuendelee na sura inayofuata usiku uleule, saa nne, shule kesho.