Tumerudi tena hospitali

Niko wodini hapa Moshi saa hizi usiku, simu iko asilimia 12.

Mchana mwanangu wa miaka 4 kadondoka kwenye ngazi za nyuma, kichwa kwenye saruji pu! Akalia hapohapo. Tukampeleka, daktari akampima akasema nendeni nyumbani ila mumwangalie sana masaa 24 haya.

Nikauliza, nisimwache alale? Akasema alale tu, ila mumwamshe kila baada ya masaa kama mawili. Akiamka akakasirika na kukujua wewe ni nani, sawa. Akiwa hashtuki, mlegevu, anaongea vitu havieleweki, mleteni hapohapo. Na akitapika tena na tena, degedege, mboni za macho kutolingana, maji au damu puani au masikioni, kichwa kuzidi kuuma, msisubiri asubuhi.

Saa mbili usiku namwamsha, namuuliza kuku wetu anaitwa nani, kanijibu kwa hasira "Malkia! niache mama!" Jamani nilifurahi kutukanwa.

Saa nne katapika. Nikasema labda ni ule uji. Dakika ishirini katapika tena, nikamuuliza Malkia ni nani akaniangalia tu, kimya, macho yanafumba yenyewe.

Hiyo kimya ndo imenitoa mbio na kanga moja, bodaboda, sijafunga hata mlango.

Wamempiga picha ya kichwa, tunasubiri majibu. Nani yuko macho aniongeleshe jamani?