Mihuri ya pasi ya baba

Pasi ya marehemu baba ilikuwa na mihuri miwili ya Shengeni, kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasi kati yao. Wa kwanza: NL, yaani Uholanzi, uwanja wa ndege wa Schiphol, 06 09 04, wenye pembe kali. Wa pili: D, 21 09 04, pembe za mviringo. Nilidhani D ni Denmaki, kumbe hiyo ni DK. D ni Ujerumani. Pembe kali ni kuingia, za mviringo ni kutoka. Tarehe nayo ilinitatiza: Septemba au Juni? Muhuri wa pili ukanijibu, maana hakuna mwezi wa 21. Basi aliingilia Uholanzi, akatokea Ujerumani. Kama alipita Ubelgiji, mihuri haisemi, kwa sababu mipaka ya ndani haigongi muhuri. Nimebaki kutafuta tiketi za treni.